Sikio Linauma, Mwiba Uko Kooni

Mada kwa maafisa wa kliniki na wauguzi wa zahanati za kando ya ziwa, Homa Bay

Tuanze na mfano uliotungwa kwa ajili ya mafunzo. Mchuuzi wa samaki wa Mbita, mwenye umri wa miaka 34, anafika zahanati akiwa ameshika sikio la kushoto. Linamuuma kwa siku ya tatu. Amekwisha kununua matone dukani, ameyatia asubuhi na jioni, wala hajaona nafuu. Koo nalo linamsumbua, lakini hilo analitaja mwishoni kabisa, tena kwa kuulizwa.

Anayempima anavuta ndewe ya sikio, kisha anabonyeza kinundu kilicho mbele ya tundu. Mgonjwa hashtuki. Ingekuwa njia ya sikio imevimba, angeruka. Otoskopu inaonyesha kiwambo cha rangi ya kijivu kinachong'aa, hakina wekundu, hakijavimba, hakina tundu. Sikio ni zima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huandika "maambukizi ya sikio", humpa mgonjwa vidonge na kumwita anayefuata. Sikio zima linalouma lingepaswa kumgeuza mpimaji kuelekea kinywani.

Sababu iko kwenye nyaya za mwili. Neva ya tisa ya kichwa hukusanya hisia za tonsili, za koo la nyuma na za shina la ulimi. Neva hiyohiyo hutoa tawi dogo linaloingia sikio la kati na kufika upande wa ndani wa kiwambo. Tawi hilo huitwa kwa jina la Jacobson, mwanaanatomia wa Denmaki. Habari za sehemu zote hizo huingia ubongoni kwa njia moja. Mfano wake ni omena: magunia ya Mbita na ya Sindo yakishachanganywa kwenye lori moja, mnunuzi wa Gikomba hawezi kujua gunia lipi lilipakiwa wapi. Ubongo nao hubahatisha, na mara nyingi hulitaja sikio. Kwa kuwa neva ya kushoto hubeba habari za kushoto, tonsili ya kushoto ikiumia, ni sikio la kushoto linalolalamika.

Neva ya kumi nayo ina tabia hiyo, ila yenyewe huunganisha zoloto na njia ya sikio. Ndiyo maana baadhi ya watu hukohoa wakichokonoa sikio kwa pamba.

Turudi kwa mchuuzi. Anaulizwa alikula nini kabla ya maumivu kuanza. Ngege, anajibu, na alihisi kitu kikimchoma. Akameza matonge makubwa ya ugali ili kukisukuma, kama alivyofunzwa nyumbani. Dawa hiyo ya matonge inajulikana pwani zote za ziwa, na ubaya wake ni kwamba huweza kuuzamisha mwiba zaidi. Akiambiwa aonyeshe panapouma, anaweka kidole kimoja chini ya pembe ya taya la kushoto. Kidole kimoja kisichohamahama ni dalili nzuri. Ulimi unakandamizwa, taa inamulikwa, na ncha nyeupe kama uzi inaonekana ikichungulia kwenye tonsili. Inavutwa kwa koleo. Kesho yake sikio limenyamaza, bila tone hata moja la dawa.

Mwiba usipoonekana, mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu tu picha ya eksirei ni safi. Miiba mingi ya samaki haionekani vizuri kwenye picha hiyo. Akiendelea kuumwa anapomeza, anahitaji kuchunguzwa kwa kamera hospitali ya rufaa. Mwiba ulioshuka hadi umio unaweza kuutoboa, na hapo homa na maumivu ya kifua hufuata.

Na kama hakuna mwiba, ila mgonjwa ana homa, hawezi kufungua kinywa vizuri, mate yanamdondoka na sauti yake ni ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni? Tazama kimio. Kikiwa kimesukumwa upande mwingine, na kaakaa laini limetuna juu ya tonsili, kuna jipu nyuma yake. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Usaha hutolewa kwa sindano au kwa kuchanjwa na mtu aliyefunzwa, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu haupo mbali. Akipumua kwa shida, ni dharura.

Aina ya tatu haina haraka hivyo, na ndiyo inayopotea kirahisi zaidi. Ni mtu mzima, pengine mvutaji wa sigara au mnywaji wa pombe kali, anayeumwa sikio moja kwa zaidi ya wiki tatu huku kiwambo kikiwa safi. Koo linamkereketa upande huohuo, labda sauti imekwaruza au kuna uvimbe shingoni usiouma. Saratani ya tonsili, ya shina la ulimi au ya koo la chini huweza kujitangaza hivyo. Huyu hapewi dozi ya tatu ya antibiotiki. Anaandikiwa rufaa siku hiyohiyo, na kwenye barua yaandikwe maneno mawili ambayo daktari wa koo atayatafuta kwanza: sikio zima.