Hofu ya Kuzimia na Kipimo cha Presha: Mazungumzo na Watumiaji wa Nyamuswa

Wako wanaofika duka la dawa wakiomba dawa ya "presha ya kushuka" kwa sababu moyo ulikwenda mbio, kichwa kikawa chepesi, nao wakahisi wanazimia. Kabla fedha haijatoka mfukoni, tuangalie kwanza mtu huzimiaje.

Mtu huzimia pale shinikizo la damu linaposhuka ghafla na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Hofu hufanya kinyume. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga kwa nguvu, na shinikizo hupanda. Ndiyo maana aliyeshikwa na hofu, hata awe na yakini kwamba anaanguka, ni nadra kuanguka.

Tuchukue mfano wa mama muuza dagaa ambaye kipimo chake cha kawaida ni 118 kwa 76. Hofu inamshika ndani ya basi lililojaa. Akipimwa wakati ule, huenda mashine ikasoma 150 kwa 90, na mapigo 120 kwa dakika. Hiyo si presha iliyoshuka. Kizunguzungu chake kinatokana na pumzi: anahema upesi mno, anatoa hewa ukaa kuliko inavyopasa, na mishipa ya ubongo inajibana kiasi. Midomo na ncha za vidole hupata ganzi. Adha hiyo ni ya kweli kabisa, lakini kwa kawaida haimwangushi. Akiketi na kutoa pumzi taratibu, hupungua.

Hatari yenyewe iko kwenye ile 150. Muuzaji asiye mwangalifu aweza kumpa vidonge vya kushusha presha, ambavyo havipaswi kutolewa bila cheti cha daktari. Akivimeza mama huyu, ambaye shinikizo lake lilikuwa sawa tangu mwanzo, hapo ndipo aweza kuzimia kweli anaposimama. Kwa hiyo aketi dakika 5 bila kuzungumza, mkono uegemezwe usawa wa moyo, apimwe tena, na arudie siku nyingine.

Wapo wanaotofautiana na haya: wale wanaoogopa damu au sindano. Kwao shinikizo laweza kupanda, kisha likaporomoka ghafla, nao huzimia kweli. Anayejijua hivyo amwambie muuguzi mapema, alale anapochomwa, na akaze misuli ya mapaja na mikono mpaka uso upate joto.

Na aliyepoteza fahamu kweli, hasa akiwa katika kazi nzito, au mwenye maumivu ya kifua, au mjamzito, au anayetokwa na damu, apelekwe kituo cha afya mara moja. Duka la dawa halina uwezo wa kumchunguza.