Sahani Isiyoandikwa Kwenye Hati ya Mshahara

Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi, iliyotangazwa Oktoba 2025 na kukipandisha kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 1, 2026, imekwisha kujadiliwa vya kutosha. Kinachosumbua ni kwamba mjadala huo ulihusu fedha peke yake, ilhali kazi nyingi zinazotolewa kati ya Usa River na Ngaramtoni, mashambani, hotelini na majumbani mwa watu, hulipwa kwa fedha kiasi na kujaziwa chumba, chakula au basi la kampuni, na vitu hivyo haviandikwi kwenye hati ya mshahara.

Ichukuliwe mfano wa mpishi aliyepata nafasi mbili. Hoteli moja nje ya mji inampa shilingi 280,000 kwa mwezi, chumba na milo. Mgahawa wa mjini unampa shilingi 400,000 taslimu. Baada ya kukatwa asilimia 10 ya mchango wa mfanyakazi wa NSSF, na kodi ya mshahara inayoanza pale kipato kinapozidi shilingi 270,000, atabakiwa na 252,000 hotelini na 352,800 mgahawani, yaani tofauti ya shilingi 100,800. Iwapo hana familia, na huko mjini angelipa 50,000 kwa chumba cha Kwa Mrombo, 70,000 kwa chakula na 26,000 kwa daladala, hoteli inamwachia ziada ya shilingi 45,200. Lakini iwapo mke na watoto wamepanga Ngaramtoni, kodi ya nyumba inalipwa pale pale, chumba cha hoteli hakimpunguzii hata shilingi moja, na sahani anayokula kazini haifiki kwa watoto. Thamani ya chumba hupimwa kwa matumizi yanayomwondokea mfanyakazi, wala si kwa bei anayoitaja mwajiri.

Hiyo ni hesabu ya mwezi mmoja, na wengi huishia hapo. Mshahara wa msingi, ambao katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni malipo ya saa za kawaida bila kuhesabu posho, ndio unaozaa haki nyingine, na chakula hakiandikwi humo. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara huo. Kwa mwezi wa saa 195, mpishi wa hotelini atapata takriban shilingi 2,150 kwa saa na mwenzake wa mgahawani 3,080, na anayelala kazini ndiye anayegongewa mlango usiku. Kwa NSSF, mwajiri na mfanyakazi wakichangia jumla ya asilimia 20 ya mshahara ulioandikwa, tofauti ni shilingi 24,000 kila mwezi, ambazo kwa miaka mitano hufika 1,440,000. Kiinua mgongo nacho, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hukokotolewa kwa fedha ile ile. Chumba hakiandikwi, na siku ajira inapokoma mfanyakazi hupoteza kazi na makazi kwa pamoja.

Dola yenyewe imewahi kuipa sahani bei. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala, yaani kitanda na ugali vilihesabiwa kuwa nusu ya ujira. Nusu ya ujira ni kiasi kikubwa mno kuachwa bila maandishi, lakini haiandikwi.

Wala sheria haikatazi malipo ya vitu. Inaruhusu sehemu ya ujira itolewe hivyo kwa kanuni za Waziri, mradi visiwe vileo wala dawa za kudhuru, viwe kwa manufaa ya mfanyakazi mwenyewe, na thamani yake iwe ya haki. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri aandike masharti ya ajira, yakiwemo malipo ya vitu, na akishindwa kuyaonyesha maandishi hayo penye mgogoro, mzigo wa uthibitisho unamwangukia yeye.

Basi na yaandikwe! Kijana wa Kijenge, dada wa Tengeru, kabla ya kutia saini ulizeni: milo mingapi, na siku ya mapumziko je? Chumba cha watu wangapi, na siku ngapi za kuhama kazi ikiisha? Basi likiharibika, nauli ni ya nani? Majibu yaingie kwenye mkataba, na nakala ibaki kwa mfanyakazi. Mwajiri akikataa kuandika, chakula chake kihesabiwe sifuri, na fedha yake ishindanishwe hivyo hivyo na ile ya mgahawani. Aliyekwisha kunyimwa alichoahidiwa aende kwenye chama chake, CHODAWU kwa wa hoteli na majumbani, au afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikawie: malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30, mengine siku 60.