Punguza Seti, Acha Chuma: Mnyanyuaji Mzoefu Katika Miezi ya Kula Pungufu

Nimetakiwa nianze na fasili. Upungufu wa kalori ni kula chini ya kiasi ambacho mwili unatumia. Ukali ni uzito wa chuma ukilinganishwa na ule wa juu kabisa ambao mtu anauweza mara moja. Ujazo ni hesabu ya seti za wiki. Haya tunayajua, tuendelee.

Tatizo langu la miaka yote ni hili la "kukausha". Mnyanyuaji akianza tu kupunguza ugali, anaambiwa aache chuma kizito, ashike chepesi arudie mara ishirini, eti ndivyo mafuta yanavyoyeyuka. Mafuta yanaondolewa na sahani. Chuma kazi yake ni kuupa mwili sababu ya kutunza misuli, na sababu hiyo ni uzito uleule ulioijenga. Kinachopungua mtu akila pungufu ni uwezo wa kupona, na ndiyo maana tunakata seti.

Nilikuwa na kijana wa kilo 90 aliyetaka kuingia daraja la kilo 83 kwa wiki 18. Skwati yake ya juu ilikuwa kilo 200. Alipiga seti 5 za marudio 5 kwa kilo 160, mara mbili kwa wiki. Wiki tano za kwanza hatukubadilisha kitu. Ya 6 na ya 7, seti ya nne ikapanda kwa kujikokota na magoti yakauma asubuhi. Mkubwa mmoja akataka nimwongezee saa nzima ya kukimbia! Nikabakiza seti 3 kila siku: siku ya kwanza moja ya marudio 3 kwa kilo 175, kisha mbili za 5 kwa 160; siku ya pili tatu za 4 kwa 160. Baada ya wiki mbili chuma kikaamka. Benchi ilishuka kidogo, lakini kifua kikipungua chuma husafiri mbali zaidi. Tusiite yote upotevu wa misuli.

Mwaka 2011 mtafiti Bickel na wenzake walionyesha kwamba vijana waliobakiza theluthi ya ujazo, uzito ukiwa uleule, walitunza misuli kwa wiki 32. Hao hawakuwa wakila pungufu wala hawakuwa wazoefu. Kwa tahadhari, basi, napendekeza tuanze kwa kukata theluthi, si kubakiza theluthi.

Napendekeza pia seti zisikatwe kabla dalili za kushindwa kupona hazijaonekana. Zikatwe kwanza za mazoezi ya nyongeza. Seti moja nzito ya wiki ibaki, na narudia, ibaki. Mtu asipungue zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki. Seti ziandikwe daftarini pamoja na mwendo wa chuma, maana kumbukumbu ya mwenye njaa haiaminiki. Na seti nzito ikishuka wiki mbili mfululizo wakati ujazo umeshakatwa na usingizi ni mzuri, asikate tena: ale kiasi cha kutunza uzito kwa wiki moja, ndipo arudi.