Homa ya Moshi: Kipimo Kinachorudia Jibu Lilelile



Mama yangu mdogo alikuwa akifuga ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi wawili hapahapa Shirimatunda, Moshi, banda likiwa nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja alishikwa na homa iliyompanda jioni na kumwachia asubuhi. Jasho lililowesha shuka, na kiuno kilimuuma hata kuinama kufagia kukamshinda. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Dawa hazikumfaa, akaenda ya pili: malaria. Ya tatu: malaria. Nyumbani tukatulia, maana watu watatu wasiojuana wamesema neno moja. Mganga wa nne, kabla hajagusa sindano, alimwuliza kama maziwa yake huyachemsha. Ilikuwa bruselosisi, ule ugonjwa unaofanya mifugo kutupa mimba.

Kukubaliana kwa wale watatu ndiko tunakokuita uthabiti: pima tena, au apime mwingine, jibu halibadiliki. Uhalali unauliza jambo jingine: jibu hilo linahusu kweli kile tulichotaka kukijua? Wale watatu walikuwa thabiti kwa sababu wote walishika kanuni moja, kwamba mwenye homa isiyo na sababu ya wazi ana malaria. Wanaoshika kanuni moja watafikia jibu moja, hata kanuni yenyewe ikiwa imepotoka.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria 528 kati yao. Katika wote 870, waliokuwa na malaria kweli ni 14. Nimezisoma namba hizo mara nyingi, na bado huniumiza, kwa sababu kila mmoja aliyeandikiwa malaria asiyokuwa nayo alikuwa na ugonjwa wake ambao haukuwa umetajwa.

Kanuni ile haikutungwa kwa uzembe. Ilifaa mahali penye malaria nyingi, ambako mtoto mwenye homa mara nyingi alikuwa nayo kweli. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 800, na mbu wa malaria hawastawi hapa kama huko mabondeni. Kanuni ileile ikipandishwa mlimani inaendelea kutoa jibu lilelile, ila sasa linakosea mara nyingi zaidi. Ndiyo maana siwezi kumkubalia mtu anayesema kipimo fulani ni halali, akaishia hapo. Nitamwuliza: kwa nani, wapi, na kwa kuamua nini?

Watafiti wale walijuaje? Kuwauliza madaktari wengine kumi kusingesaidia. Walitafuta ushahidi wa aina nyingine: waliotesha damu maabara kuona bakteria gani watamea, na wakachukua damu ya pili wiki kadhaa baadaye ili kuona kama kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Katika waliopimwa hivyo, takriban robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, na bruselosisi. Njia hii nayo ina upungufu. Aliyefariki hawezi kurudi kutoa damu ya pili, na wengi walibaki bila jibu lolote.

Mtasema siku hizi tuna kipimo cha haraka cha malaria. Ni kifaa kizuri, na kimepunguza sana kubahatisha. Lakini tuangalie kinachokamatwa na ule mstari mwekundu: ni protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto ametibiwa akapona. Wiki mbili baadaye anapata homa ya mafua. Anapimwa: mstari upo. Muuguzi mwangalifu anafungua kifaa kipya, anarudia, na mstari upo tena. Kurudia kumemwongezea uhakika bila kumsogeza kwenye ukweli, kwa sababu vifaa vyote viwili vinaona alama ya ugonjwa uliokwisha. Kinachoweza kumsaidia ni darubini, inayotazama vimelea vyenyewe.

Hata darubini ina mpaka wake. Kule mabondeni kwenye malaria nyingi, mtoto anaweza kubeba vimelea akiwa anacheza mpira, asiumwe chochote. Siku akipata nimonia, slaidi itaonyesha vimelea, na itakuwa imesema kweli. Swali la kinachomchoma leo bado halijajibiwa. Linaanza kujibiwa kwa kumfungua shati, kumhesabia pumzi kwa dakika nzima, na kumwuliza mama yake kikohozi kilianza lini.