Mtumeni Yule Aendaye Kisimani
Mazungumzo na kamati za wakazi wa vijiji vya mpakani, Busia, kuhusu tangazo la mkutano wa maji na usalama



Leo hatukuja kuwahutubia juu ya uhalifu kwa ujumla. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya karatasi moja, nayo ni tangazo la kuwaita wakazi mkutanoni. Tumejifunza kwamba maneno machache ya tangazo yanaweza kuamua kama mkutano utatatua jambo au utalizika.

Katika kijiji kimoja cha mpakani, ambacho hatutakitaja, tangazo lilibandikwa penye duka. Lilisema hivi: "Kutakuwa na mkutano kuhusu maji na usalama. Kila kaya itume mwakilishi. Asiyefika atachukuliwa hatua." Watu walifika kwa wingi, na karibu wote walikuwa wenye nyumba, wanaume wa makamo. Walizungumza kwa muda mrefu juu ya wanawake na watoto wanaovamiwa na kunyang'anywa vitu njiani usiku. Mwishowe waliazimia kutuomba doria. Doria tuliipeleka, lakini haikupita hata mwezi, msichana akapigwa kisimani saa kumi alfajiri katika ugomvi wa foleni. Doria ilikuwa imepita hapo saa nane.

Tulipoitwa tena, tulimwomba mwenyekiti aite mkutano wa pili kwa tangazo jingine. Safari hii kila kaya iliombwa imtume mtu anayechota maji. Walikuja akina mama, vijana, na wazee wawili wanaoishi peke yao. Tukawauliza jambo moja tu: kila kaya huchota madumu mangapi kwa siku, na huenda kisimani saa ngapi?

Hesabu ilijitokeza yenyewe. Kijiji kilikuwa na visima viwili vya pampu ya mkono, na kimoja kilikuwa kimeharibika. Kaya zipatazo 120 zilitegemea pampu moja. Kila kaya ilihitaji kama madumu matano ya lita 20, yaani madumu 600 kwa siku. Dumu moja hujaa kwa takriban dakika mbili, tukihesabu na muda wa kupishana. Hizo ni dakika 1,200, sawa na saa 20. Pampu ile haikuweza kuwahudumia watu wote mchana. Lazima baadhi yao wachote usiku, na anayechota usiku ndiye anayekutana na mwizi, mlevi na ugomvi.

Pampu zote mbili zikifanya kazi, kila moja ina madumu 300, nayo ni kazi ya saa kumi. Foleni ikianza saa kumi na mbili asubuhi, itakwisha saa kumi jioni, jua lingali juu. Kwa hiyo hofu ile ya usiku ilitokana na pampu iliyokufa. Askari hata wangekuwa wengi namna gani, wasingeweza kuipunguza foleni.

Wenye nyumba walikuwa hawalijui jambo hilo, si kwa uzembe, bali kwa sababu wao hawasimami foleni. Ndiyo maana tunasema: mwakilishi wa kaya katika mkutano wa maji si lazima awe mkubwa wa kaya. Awe yule aendaye kisimani.

Mkutano ule ulitupa funzo la pili. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba vijana wa ng'ambo ya mpaka ndio walioharibu kisima kile. Baadhi walikuwa tayari kuwataja kwa majina. Ndipo akina mama watatu wakasema kwamba miezi mingi kabla pampu haijafa, maji ya asubuhi yalikuwa yakitoka mekundu, kisha hutakata baada ya kuvutwa kwa muda. Tena walikuwa wakisukuma mpini mara nyingi kabla ya tone la kwanza kutoka. Fundi wa pampu alipoitwa na kuyatoa mabomba, yalikuwa yameliwa na kutu hadi kutoboka. Hakukuwa na mwizi. Wekundu wa maji ulikuwa ushahidi wa kutu, na kuchelewa kwa maji kulionyesha kwamba yanavuja na kurudi chini.

Hatusemi kwamba vyuma vya pampu haviibwi. Huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Lakini wizi una dalili zake: bolti zimefunguliwa kwa spana, kifuniko hakipo, mabomba yametoweka. Mkiona hivyo, msiguse kitu, tuiteni kwanza. Na mahali popote, msiruhusu jina la mshukiwa litamkwe mkutanoni. Jina likitajwa mbele ya watu mia, aliyetajwa huweza kuuawa na umati kabla ya ushahidi kupatikana, na waliomuua watakuwa wameua. Mwenye habari aje kituoni, au amwone katibu wa usalama wa kijiji faraghani. Kuandikisha kesi hakulipiwi.

Kuna kasoro ya tatu inayoua mikutano mingi. Linapofika suala la mchango wa ukarabati, mwakilishi husema, "Ngojeni nikamuulize mzee nyumbani." Wakisema hivyo ishirini, hakuna azimio. Dawa yake ni kutaja kiasi kinachopendekezwa ndani ya tangazo lenyewe, siku saba kabla, ili kaya iamue kwanza nyumbani na mwakilishi aje na jibu.

Kwa ndugu zetu wa ng'ambo wanaochota katika visima vya upande huu, nao waalikwe, na nakala ya tangazo ipelekwe kwa naibu wa chifu wao. Sisi hatuna mamlaka ya kumkamata mtu ng'ambo ya mpaka, lakini foleni ni moja. Zamu isiyowahusisha wao itavunjika siku ya kwanza.

Basi, tangazo tunalolipendekeza ni hili. Linakilini, mjaze nafasi zilizo wazi:

"Kamati ya wakazi wa kijiji cha ...... inawaalika wakazi kwenye mkutano wa kisima cha ......, tarehe ......, saa ......, mahali ...... . Jambo ni moja: kufufua pampu na kupanga zamu za kuchota mchana. Kila kaya, pamoja na kaya za ng'ambo zinazotumia kisima hiki, imtume mtu mmoja anayechota maji. Mwakilishi aje na majibu matatu: madumu ya kaya kwa siku, saa anayokwenda kisimani, na kama kaya inakubali mchango wa ...... . Kaya isiyo na uwezo imweleze mtunza hazina kabla ya siku hiyo, kwa siri. Majina ya washukiwa hayatatajwa mkutanoni."

Mtaona kwamba tumeondoa tishio la hatua. Mtu aliyeitwa kwa tishio huja kuhesabiwa, kisha hunyamaza. Aliyeulizwa swali analolijua huja kulijibu.

Kijiji kile kilibadilisha mabomba, kikapanga zamu, na kisima sasa hufungwa kwa kufuli jua linapotua. Ufunguo unao mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Doria yetu bado hupita, na mara nyingi hukuta pampu imefungwa na njia ni tupu.