Saa Sita na Nusu Usiku, kwa Lugha Tatu

Kwa miaka mingi abiria wa Mbeya aliyekwenda Dar es Salaam hakuhitaji kutangaziwa saa ya kuondoka. Mabasi yalikatazwa kutembea usiku, kwa hiyo yaling'oka asubuhi na mapema, mengi yake saa 12 asubuhi, na mji mzima ulilijua hilo. Tarehe 1 Oktoba 2023 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilipoanza kuruhusu safari za usiku, kazi ya anayeshika maiki stendi ilibadilika. Basi sasa laweza kuondoka katikati ya usiku, tarehe yenyewe ikiwa inageuka, na hapo ndipo tangazo linaposomwa kwa lugha tatu linapokuwa na mitego.

Mhadhara huu unashika tangazo moja la mfano kwa ajili ya Stendi Kuu ya Mbeya, la kusomwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Basi la Dar es Salaam, kupitia Makambako, Mafinga, Iringa na Morogoro, litaondoka saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, maegesho namba 9. Majina ya miji hayabadiliki, na salamu za "ndugu abiria" zina wenzake katika kila lugha. Wanaopotea hupotezwa na saa, siku na namba.

Kiarabu kinafanya nini Mbeya? Swali ni halali. Barabara inayopita Mbeya inaelekea Tunduma, na msafiri wa Zambia au Lubumbashi angefurahi zaidi kusikia Kibemba au Kifaransa. Ila kwa mwandishi wa tangazo Kiarabu kina faida yake: kinafichua makosa ambayo Kiswahili na Kiingereza peke yake vingeyaficha.

Saa kwanza. Mswahili huhesabu saa za usiku tangu jua linapozama, kwa hiyo saa 6:30 usiku ni kumi na mbili na nusu kwa Mwingereza na kwa Mwarabu pia. Mfasiri mwenye haraka akiiacha sita na nusu ilivyo, mgeni hana namna ya kushtuka, kwa sababu saa yake ya mkononi nayo ina sita na nusu. Atafika stendi asubuhi, saa 12:30 kwa hesabu yetu, akiwa amenyoosha shati na tiketi mkononi, wakati basi limeshavuka Mafinga na linakaribia Iringa. Tangazo la saa 12 asubuhi halikuwa na hatari ya kiasi hicho: mgeni akiambiwa kumi na mbili asubuhi angalau angeona kuna jambo haliendi sawa, akauliza.

Siku ina mtego mkubwa zaidi. Hesabu ya Waswahili inaanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu. Waarabu wanaanzia Jumapili, na siku hiyohiyo kwao ni ithnaini, ya pili. Mtu aliyejifunza namba za Kiarabu madrasa, akataka kusaidia, akatafsiri "tatu" kwa thulathaa, amempeleka msafiri Jumanne. Kosa hilo laweza kutokea kila siku isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, ambazo Kiswahili kilizichukua kutoka Kiarabu zilivyo.

Kisha kuna usiku wenyewe. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza magharibi, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana lailatul-ithnaini ni usiku unaoleta Jumatatu, sawasawa na "usiku wa kuamkia Jumatatu" wa watangazaji wetu wa redio. Hapa Kiswahili na Kiarabu vinashikana mkono, na Kiingereza ndicho kinachobaki pembeni. Mwingereza akiambiwa usiku wa Jumatatu atakuja Jumatatu usiku, karibu saa 24 nzima baada ya basi kuondoka. Kwake lazima itajwe Jumapili usiku, kisha iongezwe kwamba tarehe itakuwa imeshageuka. Tiketi iliyochapwa 00:30 ya Jumatatu haimwokoi asiyejua kuisoma, maana ataona neno Jumatatu na kulala usingizi wa Jumapili kwa raha zake.

Sasa namba 9. Kwa Kiswahili tisa na sita zina irabu zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Kilichogeuka ni s na t tu. Injini ya basi inaponguruma, na spika ya honi ikiwa imefunguliwa hadi inakwaruza, irabu ndizo zinazofika sikioni na konsonanti hizo nyembamba hupotea njiani. Kwa Kiingereza tisa hugongana na tano, zote zikibeba irabu ndefu ya "ai". Kwa sababu hiyo marubani hufundishwa kuitamka "naina" kwenye redio. Kwa Kiarabu tis'a hugongana na sab'a, yaani saba. Mgongano huo ni wa zamani hata kwenye maandishi, kwa kuwa bila nukta maneno hayo mawili hufanana.

Basi lipo maegesho ya tisa. Mswahili aliyesikia vibaya yuko ya sita, Mwingereza ya tano, Mwarabu ya saba, na kila mmoja ana hakika na alichosikia! Dawa ya bei nafuu ni ndoo ya rangi: futa 9 ukutani, toka 8 uende 10. Isipowezekana, namba ifuatwe na alama inayoonekana, kama ofisi ya tiketi au lango la kutokea.

Saa nayo ina ugonjwa huohuo, maana saa sita na nusu usiku na saa tisa na nusu usiku zote zipo, na neno usiku halizitenganishi. Kusema mara mbili hakutoshi, kwa kuwa kelele iliyofuta s mara ya kwanza bado ipo. Afadhali kusema kwa njia mbili: "saa sita na nusu usiku, nusu saa kabla ya saa saba." Anayedhani amesikia tisa atakutana na saba, na hesabu itamgomea.

Wapiga debe hawana amplifaya, lakini wanajua jambo ambalo wasoma matangazo hulisahau. Huanza na mji, tena na tena, "Tunduma, Tunduma, Tunduma," ndipo mengine yafuate. Anayekwenda kwingine huacha kusikiliza papo hapo, na anayekwenda Tunduma hutega sikio. Kila lugha ya tangazo ianze hivyo, na ikiwezekana isomwe na sauti tofauti, msikilizaji ajue zamu yake imefika.

Iringa mambo ni tofauti kidogo. Stendi ya Igumbilo iko kandokando ya barabara kuu, nje ya mji, na basi letu linafika hapo likiwa linapita. Tangazo likisubiri basi lionekane, lugha ya tatu itasomwa mlango umeshafungwa. Lianze kabla basi halijaingia, na Kiswahili kirudiwe mwishoni kwa kifupi.

Popote tangazo linaposomwa, spika mbili zikipiga kwa pamoja, anayesimama karibu na moja husikia ya pili imechelewa. Tofauti ya umbali ya mita 17 huleta ucheleweshaji wa karibu sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na ikizidi hapo neno huanza kulipanda lenzake. Msomaji anyamaze kidogo baada ya kila namba.

Kulijaribu tangazo si kazi ngumu. Msikilizaji mmoja wa kila lugha asimame pale ambapo spika mbili zinasikika pamoja, injini ikiwaka, kisha aandike siku, saa na maegesho bila kuuliza. Karatasi zikilinganishwa na tiketi, panapotofautiana ndipo pa kuandikwa upya, katika lugha hiyo peke yake.