Kupanga Nyimbo na Maneno ya Kuunganisha katika Kipindi cha Dini cha Dakika 15



Nairobi ina redio kadhaa za Kikristo, zikiwemo Radio Waumini ya Kanisa Katoliki, iliyoko Westlands, na Hope FM ya CITAM, Valley Road. Mada hii inahusu kipindi kifupi cha redio kama hizo, chenye wazo moja. Mfano wetu ni "Kuomba kabla jibu halijaja."

Kwanza, hesabu ya muda. Kiashirio cha mwanzo na cha mwisho hula dakika moja. Nyimbo tatu za dakika tatu na nusu hula kumi na nusu. Mtangazaji hubakiwa na dakika tatu na nusu kwa maneno ya mahali panne: sekunde 60 za kufungua, kisha 50 kila mahali. Wimbo mrefu ukatwe mwisho wa kiitikio, si katikati ya ubeti.

Pili, uteuzi. Wengi hutafuta nyimbo zenye neno "maombi", wakapata tatu zinazosema jambo lilelile. Afadhali tuulize: anayeimba anazungumza na nani? Katika Tenzi za Rohoni, "Yesu kwetu ni rafiki" unazungumza na sisi na kutuhimiza tuombe, huo utangulie. "Usinipite Mwokozi" unamlilia Yesu mwenyewe, huo ufuate. "Nina haja nawe" bado ni ombi, lakini mwombaji sasa anamtaka Bwana awe karibu naye, huo ufunge. Wimbo wa shukrani, hata ukipendwa vipi, hauna nafasi hapa: ungetangaza jibu ambalo wazo letu linasema halijaja.

Tenzi zote tatu zikiimbwa taratibu, kipindi hulala. Basi wa kwanza uwe wa kwaya yenye mwendo, wa pili wa sauti moja na gitaa, wa tatu kwaya bila ala.

Tatu, maneno. Yasisimulie wimbo uliokwisha. Yamvushe msikilizaji hadi unaofuata. Baada ya wimbo wa kwanza, mtangazaji aseme: "Tumeambiwa tumpelekee Bwana yote. Lakini wewe uliyeomba kazi mwaka mzima, na simu haijalia, unamwambia nini leo?" Aishie hapo, wimbo uingie, ndio utakaojibu. Akiongeza mahubiri, swali linakufa.

Kumbukeni pia abiria anayepanda matatu Kangemi kuelekea mjini kipindi kikiwa katikati. Kila mara mtangazaji ataje wazo kwa sentensi moja, kwa maneno tofauti.

Kabla ya kurusha, sikilizeni sekunde kumi za mwisho za kila wimbo, maneno yanayofuata, na kumi za mwanzo za wimbo ujao. Mkiweza kubadilisha nafasi za nyimbo bila kugusa neno la mtangazaji, maneno hayo hayaunganishi kitu; yaandikeni upya.